Ujumbe kwa kampuni ya nje: niandikeje kuhusu tofauti ya saa na hela itakavyonifikia?

Zuhura_T
Wakuu habari. Nimepata kazi ya kusafisha data kwa kampuni ya nje, timu yao yote inafuata saa za New York, wanaingia saa 9:00 wanatoka 17:00. Ni kazi ya mkataba, dola 1,200 kwa mwezi. Kabla hawajatuma mkataba meneja ameniomba nimwandikie ujumbe mfupi wa mambo mawili tu, kwamba saa ngapi kwa siku tutakuwa kazini pamoja na hela yangu watanifikishiaje. Nimeandika kwa Kiswahili kwanza ili nipange mawazo, nikimaliza ndo naugeuza. Naomba muukosoe bila huruma:

*"Habari za kazi. Nashukuru kwa nafasi hii. Mimi nipo kanda ya UTC+3, kwa hiyo niko mbele yenu kwa masaa 7. Niko tayari kufanya kazi muda wowote mtakaonihitaji. Kuhusu malipo, naomba yatumwe kwenye akaunti yangu ya benki kila tarehe 30 ya mwezi. Nitawatumia namba ya akaunti."*

Mnaonaje?

kibuyu_kipya
Hongera sana dada. Mi naona upo sawa, mfupi na umesema yote. Tuma.

Mhasibu wa Zamani
Usitume. Nimekaa miaka 9 upande wa wanaolipa, kazi yangu ilikuwa kulipa mafundi na wahariri walioko nchi za nje, na ujumbe kama huo ukinifikia najua kabisa mwezi wa kwanza utakuwa na ugomvi. Una mashimo manne. Masaa 7 ni kweli sehemu ya mwaka tu. "Muda wowote" utakutesa wewe mwenyewe. "Kwenye akaunti yangu ya benki" haisemi ni sarafu gani, wala nani anabeba makato, wala jina gani limeandikwa kwenye akaunti. Na tarehe 30, Februari utalipwa lini?

kibuyu_kipya
Hahaha hiyo ya Februari sikuiona, nafuta kauli.

Zuhura_T
Ahsante Mhasibu, hapo ndo nilipotaka. Ila sehemu ya mwaka kivipi? Niliangalia kwenye simu jana nikaona 7.

tatu_bila
Nijibu hilo. Wale wanasogeza saa zao mara mbili kwa mwaka, sisi wa UTC+3 hatusogezi. Jumapili ya pili ya Machi wanapeleka mbele, Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha. Kwa hiyo kuanzia Machi mpaka mwanzo wa Novemba tofauti ni 7, kuanzia hapo mpaka Machi nyingine ni 8. Mwaka 2026 ni tarehe 8 Machi na 1 Novemba. Wewe ukiandika 7 kwenye ujumbe, ikifika Novemba utaingia kwenye kikao lisaa lizima kabla ya wenzako, alafu Machi ukiwa ushazoea 8 utachelewa. Hiyo ya Machi ndo mbaya zaidi manake anayewahi hasemwi, anayechelewa anasemwa.

mwendo_kasi
Rahisi tu andika "nitakuwepo 9:00 hadi 13:00 EST" basi umemaliza, wao watajua.

tatu_bila
Mwendo_kasi uko karibu ila EST ni ile saa ya kipindi cha baridi peke yake, UTC-5. Kipindi kingine wanakuwa EDT, UTC-4. Wenyewe wanachanganya kila siku na kwenye mazungumzo hakuna anayejali, ila mtu akiingiza EST kwenye kalenda mwezi wa Julai kuna kalenda zinamchukulia kwa neno lake na kikao kinasogea lisaa limoja. Andika "saa za New York" au chagua America/New_York kwenye kalenda, hiyo inajisogeza yenyewe. Na ya kwako andika UTC+3, usiandike vifupisho vya kanda ambavyo msomaji wa huko hajawahi kuviona.

mwendo_kasi
Sawa mkuu nimekubali. Miaka mitatu naandika EST na hakuna aliyeniambia.

ndege_mwitu
Niongezee kitu ambacho kilinitoa jasho. Dada umeandika kwa Kiswahili kwanza, vizuri, ila ukifika kwenye saa acha kugeuza kwa kichwa. Mimi nilitaka kusema saa kumi jioni, mkono ukaandika 10 PM. Wakaweka kikao cha kwanza 10 PM ya kwangu, ambayo ni saa nne usiku. Nimekaa kwenye linki kuanzia saa kumi jioni, peke yangu, dakika 40, nikaona hawa watu hawana adabu nikafunga mashine. Saa nne usiku wanapiga simu nimelala. Asubuhi nakuta imeili inauliza kama bado naitaka kazi. Siku hizi naandika 16:00 kwa tarakimu za masaa 24, alafu nasoma kwa sauti "saa kumi jioni" nikihakikisha vinafanana.

Zuhura_T
Yaani na mimi ningeandika hivyo hivyo, nilikuwa na "saa kumi" kwenye rasimu ya kwanza kabisa. Ahsante ndege_mwitu.

Shangazi Neema
Mimi swali langu ni hilo neno "muda wowote". Mwanangu usiliandike. Wanaoajiri hawalisomi kama heshima, wanalisoma kama ruhusa.

Mhasibu wa Zamani
Shangazi yuko sahihi na nitasema inavyokuwa. Meneja ana kikao chake cha mwisho 16:30, anaona Zuhura amesema muda wowote, anamuweka humo. Kwa Zuhura hiyo ni 23:30, na ikifika Novemba ni 00:30, siku nyingine kabisa. Hakuwa na nia mbaya, kalenda ilimuonyesha nafasi iko wazi.

Kinachofanya kazi ni kutoa saa chache zilizofungwa. Tuseme masaa 4, 9:00 hadi 13:00 ya New York. Kwako ni 16:00 hadi 20:00 kipindi cha tofauti ya 7, na 17:00 hadi 21:00 kipindi cha 8. Masaa mengine 4 unafanya peke yako kabla ya hapo, kuanzia saa sita au saa saba mchana. Alafu useme nini kinatokea nje ya hapo: ujumbe ukiingia baada ya 13:00 yao, unakuta jibu kabla hawajafungua ofisi kesho yake. Hii ya mwisho ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mtu akijua kwamba alichoacha jioni atakikuta kimekwisha asubuhi, anaacha kukutafuta usiku.

Shangazi Neema
Ila mimi sikubali kufunga hizo saa kwa New York. Kwa nini yeye ndo asogee kila wanapochezea saa zao? Aseme 16:00 hadi 20:00 kwa saa zake mwaka mzima. Mimi nina mtoto analala saa mbili usiku, nilifunga kwa saa zangu na kampuni ikakubali.

tatu_bila
Shangazi inawezekana ila apige hesabu. 16:00 hadi 20:00 ya kwake, ikifika Novemba inakuwa 8:00 hadi 12:00 ya New York, na wao wanaingia 9:00. Kwa hiyo lisaa la kwanza anaongea na ukuta na masaa ya pamoja yanabaki 3 badala ya 4. Kama mkataba umesema 4, kuanzia Novemba mpaka Machi anauvunja kila siku bila kujua.

Shangazi Neema
Basi mkataba useme 3. Masaa 3 yanatosha kwa kazi ya data, siyo kituo cha simu.

ndege_mwitu
Kwa kweli mimi nipo na Shangazi kwa hili, lakini kwa mtu mgeni ambaye hata hajaanza kazi sijui kama ana nguvu ya kusema hivyo.

baharia_wa_data
Nyie mna bahati, mimi wa kwangu wako Sydney. Wao wakiingia 9:00 mimi ni saa nane usiku, na kuanzia Oktoba mpaka Aprili ni saa saba usiku, manake wale wanasogeza saa kinyume na Marekani. Nimewaambia ukweli, nitakuwepo 6:00 hadi 9:00 ya kwangu, yaani mwisho wa siku yao. Wakakubali. Siku yao inaisha na ripoti yangu. Ninachosema, siyo lazima muda wa pamoja uwe mwanzo wa siku ya kampuni.

kijana_wa_mwisho
Samahani wakuu na mimi nauliza hapo hapo kwenye malipo ya kimataifa, nataka kutuma ada ya kozi nje, natumia njia gani makato yawe madogo?

Mhasibu wa Zamani
Kijana huo ni upande wa pili wa mto, wewe ndo mlipaji. Hapa tunaongea mtu anayepokea. Fungua uzi wako nitakuja.

Sasa tuje kwenye hela, Zuhura nijibu mambo mawili kwanza. Akaunti yako ni ya dola au ya sarafu ya huko ulipo? Na jina lililoko kwenye akaunti ni sawa herufi kwa herufi na utakaloweka kwenye mkataba?

Zuhura_T
Akaunti ni ya sarafu ya hapa. Jina kwenye akaunti ni mawili, kitambulisho kina matatu, kwenye mkataba nilitaka niweke matatu.

Mhasibu wa Zamani
Hayo mawili ndo yatakayokula hela yako na muda wako.

Dola ikitumwa kwenye akaunti isiyo ya dola, benki yako inaibadilisha yenyewe siku inapofika kwa reti yake, hukuulizwa. Fungua akaunti ya dola kabla ya kutuma ujumbe, au angalau ujue reti ya kununua dola ya benki yako ikoje ukilinganisha na kwingine. Hiyo tofauti ya reti huwa inazidi ada za kutuma, ila watu wanagombana na ada kwa sababu ndo inaonekana kwenye karatasi.

Jina sasa. Benki inayopokea inalinganisha jina kwenye agizo na jina la akaunti. Likitofautiana inaweza kushikilia hela ikauliza, au kuirudisha. Kurudi siyo bure, inapita njia ile ile iliyokuja nayo na kukatwa tena. Kuna mtu wetu mmoja alitumiwa 900, ikarudi baada ya wiki mbili na nusu ikiwa 838, kosa ni jina la katikati. Kwa hiyo kwenye ujumbe andika "jina la mwenye akaunti kama lilivyo benki ni hili", hata kama mkataba una majina matatu. Au nenda benki warekebishe yawe matatu kote, hiyo ndo bora.

mwendo_kasi
Na aseme wachague OUR. OUR maana yake mtumaji analipa makato yote, unapokea kamili hata senti haipungui.

Mhasibu wa Zamani
Nusu ya hilo ni kweli. Kwenye agizo la kutuma kuna OUR, SHA na BEN. OUR mtumaji anabeba, BEN unabeba wewe yote, SHA mnagawana: yeye analipa ada ya benki yake, na kinachokatwa njiani na huku mwisho ni cha kwako. Mtu asiposema kitu mara nyingi inakuwa SHA. Sasa dola ikitoka benki yao haifiki kwako moja kwa moja, inapita kwenye benki moja au mbili za katikati ambazo benki yako ina akaunti nazo, na kila mmoja anaweza kumega chake. Ukiwa na OUR hawatakiwi kumega, ila nimeona mara kadhaa benki ya katikati imekata hivyo hivyo, na benki yako ya mwisho inaweza kuwa na ada yake ya kupokea kulingana na orodha yao ya bei. Kwa hiyo OUR inapunguza, siyo ukuta.

ndege_mwitu
Mimi SHA ilinifundisha. Ankara ya 1,000, imefika 963. Nikaandikia kampuni kwa hasira kwamba mmenilipa pungufu, wakanitumia risiti, wao wametuma 1,000 kamili. Nikaona aibu. Nilipochukua nakala ya agizo nikaona benki ya kwanza ya katikati imekata 15, ya pili 12, na yangu ikachukua 10.

tatu_bila
Hiyo nakala ndo watu wanaita MT103. Tangu Novemba 2025 benki kwenye SWIFT, mtandao ambao benki za nchi mbalimbali zinatumiana maagizo, zimehamia kwenye agizo la aina mpya, pacs.008, ila ukiomba MT103 wataelewa. Cha muhimu ndani yake ni namba ndefu ya ufuatiliaji, UETR, ina herufi na tarakimu 36 ukihesabu na vistari. Ukiwa nayo benki yako inaweza kuona hela imesimama wapi. Bila hiyo utaambiwa "bado haijafika" mpaka uchoke.

baharia_wa_data
Naunga mkono. Kwenye ujumbe wangu niliandika kabisa: hela isipofika ndani ya siku 5 za kazi naomba UETR. Nimeitumia mara moja tu, ilikuwa imeshikwa na benki ya katikati inasubiri maelezo ya malipo ni ya nini. Toka hapo ankara zangu zote zina sentensi moja inayosema kazi gani, mwezi gani, mkataba namba ngapi.

kibuyu_kipya
Kwa nini msitumie zile huduma za mtandaoni, Wise, Payoneer na wenzake? Mimi kampuni inanilipa huko, benki za katikati sizijui kabisa.

Mhasibu wa Zamani
Ni njia nzuri kama nchi uliyopo wanakufungulia akaunti ya kupokea dola. Kuna nchi unaweza kupokea hela iliyotumwa na mtu kupitia kwao ila hupewi namba zako mwenyewe za kupokelea, kwa hiyo aangalie hilo kwanza. Ukipewa, unapata namba ya akaunti iliyoko Marekani na namba ya benki ya tarakimu 9, na kampuni inakulipa kwa ACH, mfumo wa malipo wa ndani ya Marekani, kama inavyolipa mtu wa mtaani kwao. Hapo hakuna SWIFT. Lakini akumbuke wakati mwingine namba ya kupokelea ACH siyo ile ya kupokelea waya, yaani agizo la benki kwa benki, ukichanganya hela inarudi. Na anapoitoa kule kuja kwenye benki yake kuna reti na ada nyingine, hesabu inarudi pale pale, ila sasa anachagua siku ya kubadilisha mwenyewe.

Shangazi Neema
Kuna kampuni pia hazitaki. Mhasibu wao anaona mfanyakazi yuko nchi moja, akaunti iko nchi nyingine, anakataa. Ilinitokea.

Mhasibu wa Zamani
Kweli Shangazi, na mimi nilikuwa nakataa kama sijaelezwa mapema. Ukinieleza kwenye ujumbe wa kwanza kwamba akaunti ni ya jina langu, iko kwenye huduma fulani, nakubali. Ukinishtukiza siku ya malipo nasimamisha.

mwendo_kasi
Na kodi je? Nilisikia Marekani wanakata asilimia 30 kwa mgeni.

tatu_bila
Hiyo 30 inahusu kipato ambacho chanzo chake ni Marekani. Kwa kazi ya mikono au akili sheria yao inaangalia kazi imefanyikia wapi, na Zuhura anafanyia nje ya Marekani. Watamuomba ajaze W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani ya kuonyesha kwamba yeye ni mgeni, anawapa wao kampuni, haipeleki serikalini. Inadumu mpaka mwisho wa mwaka wa tatu baada ya mwaka aliosaini, akisaini 2026 ni mpaka 31 Desemba 2029. Aseme tu kwenye ujumbe kwamba kazi yote ataifanyia nje ya Marekani na W-8BEN yuko tayari kuijaza. Kodi ya huko anakoishi ni habari nyingine, inamsubiri pale pale.

ndege_mwitu
Swali la namba ya akaunti, aiweke kwenye ujumbe huu au la? Mimi niliweka.

Mhasibu wa Zamani
Asiiweke. Ujumbe huu ni wa kueleza njia, namba zinapita kwenye fomu yao ya malipo. Alafu kuna sentensi moja naiomba sana iwemo: kwamba taarifa zake za benki hazitabadilishwa kwa imeili peke yake, wakipata imeili ya kubadilisha wampigie kwanza. Wezi wanaingia kwenye imeili ya mtu, wanaandikia kampuni "nimebadili akaunti", mwezi unaofuata hela imeenda. Nimelishughulikia hilo mara mbili, mara moja tu tukaipata.

Na ikifika kujaza fomu: namba ya akaunti yako inaanza na sifuri?

Zuhura_T
Ndio inaanza na 0. Kwani vipi?

Mhasibu wa Zamani
Wengi wanaingiza kwenye jedwali la kompyuta, na jedwali linaifuta sifuri ya mbele kwa kudhani ni hesabu. Kwa hiyo andika namba alafu useme "ina tarakimu 13, ya kwanza ni 0", au zozote zilizopo kwako. Na fomu ikidai IBAN, ile namba ya akaunti ya mfumo wa kimataifa, siyo kila nchi inaitumia, kama ya kwako haitumii waambie wazi ni namba ya akaunti na SWIFT kodi ya benki, herufi 8 au 11. Usibuni IBAN kwa zile tovuti za kukokotoa.

kibuyu_kipya
Mhasibu unatutisha sasa.

Zuhura_T
Wakuu nimekaa nalo usiku kucha. Benki nimefungua akaunti ya dola na majina yamewekwa matatu kote. Toleo la pili hili:

*"Habari za kazi. Nipo UTC+3 na huku saa hazisogezwi, kwa hiyo tofauti yetu ni masaa 7 kuanzia Machi na 8 kuanzia Novemba. Kila siku ya kazi nitakuwepo pamoja nanyi 9:00 hadi 13:00 saa za New York, mwaka mzima. Kwangu hiyo ni 16:00–20:00, na baada ya 1 Novemba 17:00–21:00. Masaa mengine 4 nafanya kabla ya hapo. Ujumbe utakaoingia baada ya 13:00 yenu mtakuta nimejibu kabla hamjafungua ofisi siku ya kazi inayofuata.*

*Malipo: dola 1,200, kwa waya, kwenye akaunti ya dola yenye jina langu kama lilivyo kwenye mkataba. Namba nitaziweka kwenye fomu yenu. Naomba agizo liwe OUR. Kama sera yenu ni SHA, naomba tukubaliane nani anabeba makato ya njiani. Naomba hela itumwe siku ya mwisho ya kazi ya mwezi kabla ya saa ya mwisho ya benki yenu, na isipofika ndani ya siku 5 za kazi nitaomba UETR. Kazi yote naifanyia nje ya Marekani na niko tayari kujaza W-8BEN. Taarifa za benki hazitabadilika kwa imeili peke yake, nipigieni kwanza."*

baharia_wa_data
Hapo sasa. Hiyo ya "itumwe" badala ya "ifike" umeiweka makusudi?

Zuhura_T
Ndio, nilifuata hesabu. Oktoba 2026 tarehe 30 ni Ijumaa. Wakibonyeza 16:00 yao kwangu ni 23:00, na kama saa ya mwisho ya benki yao imepita, agizo linaondoka Jumatatu tarehe 2 Novemba, nami naipata katikati ya wiki. Ningesema ifike tarehe 30 ningekuwa nawadai kitu ambacho mkononi mwao hakipo.

Shangazi Neema
Umekubali kufuata saa za New York. Haya, ila 21:00 usiku miezi minne utakuja kuniambia.

Mhasibu wa Zamani
Mimi ningetoa W-8BEN, wataiomba wenyewe. Lakini siyo kosa.

tatu_bila
Mi ningeiacha, inamtuliza mtu wa fedha mapema.

Zuhura_T
Nimetuma jana, leo wamejibu. Saa wamekubali bila neno. Malipo wanasema sera yao ni SHA kwa kila mtu na haibadiliki, ila wako tayari nipandishe ankara kidogo kufidia. Niweke kiasi gani?

ndege_mwitu
Weka 40 juu, mimi zilikwenda 37.

Mhasibu wa Zamani
Usikisie kwa njia ya ndege_mwitu, benki yako siyo ya kwake. Mwezi wa kwanza weka 1,200 kavu, chukua nakala ya agizo, uone zimekatwa ngapi, mwezi wa pili uandike kiasi hicho kwenye mstari wake peke yake wa ankara.

mwendo_kasi
Kwa hiyo mwezi wa kwanza ale hasara? Mi naona aweke 40 sasa hivi, zikizidi awarudishie kwenye ankara ya pili.

Shangazi Neema
Mwendo_kasi leo umesema jambo.

Mhasibu wa Zamani
Mtu wa fedha hapendi ankara isiyolingana na mkataba mwezi wa kwanza, ndo ninachoogopa. Ila kama meneja ameandika kwa imeili kwamba amekubali, ambatanisha hiyo imeili na ankara. Zuhura, meneja amesema "kidogo" au ametaja kiasi?

Zuhura_T
Amesema "kidogo" tu. Ngoja nimuulize, wanafungua 16:00.